Tuma namba, usitume linki fupi: maneno niliyowaambia madereva wa malori pale Malaba

(Wengi hamkufika kwa sababu mlikuwa barabarani, wengine foleni ya mpakani iliwashika, na mmeniomba niandike yote niliyosema. Haya hapa kama nilivyoyasema, picha za ukutani nimeziacha.)

Wazee wangu, ndugu madereva, maataniboi, makanika, na nyinyi vijana wa boda mliokaa huko nyuma, hamjamboni? Asanteni kwa kuja. Najua kuna wenye magari bado yako kwenye foleni kwa hivyo sitapoteza wakati wenu kwa salamu ndefu.

Mimi kazi yangu mnaijua, nakaa kwenye simu usiku na mchana napokea madereva walioharibikiwa na magari halafu natafuta makanika au brekidauni iliyo karibu naye. Na swali la kwanza nauliza kila mtu ni lile lile, uko wapi? Na majibu mnayajua, niko mbele kidogo ya Lukaya, niko karibu na msikiti, niko kwa mteremko ule. Msikiti upi? Mteremko upi? Barabara ya Masaka ina misikiti mingapi jamani? Dereva anapiga kelele, netiwaki inakatika, na mimi nimebaki na neno "mteremko" tu, na usiku ule ndiyo wezi wa mafuta na betri wanazunguka.

Sasa leo nataka tuongee jambo moja tu, namna ya kutuma mahali ulipo kwa meseji ya kawaida, esemesi, siyo WhatsApp, esemesi, pale ambapo netiwaki ni kamstari kamoja au inakuja na kupotea, na huyo anayepokea aweze kufungua kwenye ramani yoyote aliyonayo. Ramani yoyote. Kwa sababu makanika wa Masaka ana apu yake, wa Mbarara ana yake, na yule wa Elegu simu yake hata haina nafasi ya kuweka apu kubwa.

Naanza na jambo ambalo watu wengi wanalikosea. Mnasikia mtu akisema, hapa hakuna netiwaki kwa hivyo lokesheni haishiki. Nani hapa ameshawahi kusema hivyo? Inueni mikono, msiogope. Naona wengi.

Ndugu zangu, simu kujua iko wapi haihitaji netiwaki. Haihitaji. Ile GPS inasikiliza setilaiti zilizoko juu, inasikiliza tu, haitumi kitu, haili bando, hata ukiwa huna laini ndani ya simu inafanya kazi. Netiwaki inahitajika mara mbili tu, kuvuta picha ya ramani kama hujaidownlodi, na kutuma hilo jibu kwa mwenzako. Kwa hivyo tenganisheni hayo mambo mawili kichwani, kujua mahali ulipo ni kazi ya setilaiti, kutuma ni kazi ya netiwaki.

Lakini mbona ukikosa data inachelewa? Hapo kuna sababu. Simu ikiwa na data inachota haraka kwenye intaneti habari za kila setilaiti iko wapi angani saa hii, ndiyo maana mjini inashika kwa sekunde chache. Ukikosa data, lazima ipokee habari hizo kutoka kwa setilaiti zenyewe, na setilaiti zinatuma polepole sana, kila moja inachukua kama sekunde 30 kumaliza kusema njia yake, na kitu kikiziba katikati simu inasubiri izunguke tena. Simu iliyozimwa siku nyingi au iliyosafirishwa mbali inaweza kuhitaji ile orodha nzima ya setilaiti zote, hiyo peke yake ni dakika 12 na nusu. Sasa wewe uko ndani ya kabini, juu yako bati, pembeni kontena, umeshika simu chini ya dashibodi, unategemea nini?

Kuna dereva mmoja aliharibikiwa kule juu, njia ya Karuma, ndani ya ile misitu. Alinipigia akaniambia simu imekataa kabisa. Nikamwambia shuka, toka nje ya gari, simama pahali unaona mbingu, shika simu wima, usitembeetembee, fungua apu ya ramani uiache imewaka, hesabu kama dakika tano. Alikata simu kwa hasira. Baada ya muda meseji ikaingia, namba zimekaa sawa, brekidauni ikamfikia bila kumpigia tena. Simu ni ile ile aliyosema imekataa, alichobadilisha ni kusimama nje akasubiri.

Na mtu atajuaje kama imeshika kweli? Angalia ile nukta ya bluu. Kwenye Google Maps nukta ikiwa ya kijivu, hapo simu haijui ulipo saa hii, inakuonyesha pale ilipokuona mwisho, na mwisho inaweza kuwa ni Lugazi saa tatu zilizopita. Usitume hiyo. Nukta ikiwa bluu lakini imezungukwa na duara kubwa, maana yake simu inakisia, labda kwa mnara wa simu tu, na mnara wa simu kijijini unaweza kukosea kilomita kadhaa. Subiri duara lipungue likaribie nukta. Pia kama betri iko chini umeweka ile ya kuokoa chaji, simu nyingine zinafinya GPS, itoe kwanza kwa dakika hizo chache.

Sawa. Umepata mahali. Unatuma nini?

Hapa ndipo naomba mnisikilize sana, hapa ndipo watu wanalala barabarani.

Ukibonyeza kitufe cha kushea kwenye Google Maps inakupa linki fupi, inaanza na maps.app.goo.gl halafu herufi herufi zisizoeleweka. Inaonekana safi, fupi, nzuri kwa esemesi. Lakini niulize, ndani ya hiyo linki namba za mahali ziko wapi? Haziko. Angalieni herufi kwa herufi, haziko. Linki ile ni kama tiketi ya stoo ya mizigo, imeandikwa namba ya mzigo tu, mzigo wenyewe uko stoo, na ukikuta stoo imefungwa tiketi haikusaidii. Stoo hapa ni intaneti. Mtumaji anahitaji data ili linki itengenezwe, na mpokeaji anahitaji data ili ifunguke. Mkikosa mmoja wenu, imekwisha.

Nimeliona hili kwa macho. Dereva amevunjikiwa huko Lyantonde, yeye data alikuwa nayo kidogo, akatengeneza linki, akaituma kwa esemesi kwa makanika. Esemesi ikafika vizuri. Makanika yuko njiani kwa pikipiki, bando limeisha, anabonyeza linki, brauza inazunguka, inazunguka. Anampigia dereva, simu haipatikani. Meseji anayo mkononi, imefika, na bado hajui aende wapi. Akarudi. Dereva akalala pale na taniboi wake mpaka asubuhi. Meseji ilifika, ndugu zangu, ilifika! Ila haikubeba kitu.

Kwa hivyo tuma namba zenyewe. Namba mbili, basi. Ya kwanza inasema uko kaskazini au kusini ya ikweta kiasi gani, ya pili inasema uko mashariki kiasi gani. Zinaandikwa hivi, tuchukue mfano wa gari lililosimama kati ya Lukaya na Masaka:

```
-0.20140,31.83870
```

Hizo ni herufi 17 tu. Esemesi moja inabeba 160. Makanika akiwa na Google Maps, akiwa na Organic Maps, akiwa na OsmAnd, akiwa na ile apu ya iPhone, anakopi hizo namba, anazipesti pale pa kutafutia, inampeleka. Na Organic Maps na OsmAnd mtu akishadownlodi ramani ya Uganda siku alipokuwa na waifai, anazifungua bila data hata kidogo. Hilo naomba kila makanika hapa alifanye kabla ya kurudi nyumbani leo, usingoje usiku wa kuitwa.

Namba unazipata wapi? Kwenye Google Maps ya Android shika kidole kwenye ile nukta yako ya bluu usiachie mpaka pini itokee, namba zinajitokeza kwenye kisanduku cha kutafutia au chini kwenye maelezo ya pini, zikopi. Kwenye Organic Maps na OsmAnd gusa mahali ulipo, zinaonekana kwenye maelezo. Wenye iPhone, ile apu ya dira, Compass, inaonyesha namba chini na haihitaji netiwaki, ila inaziandika kwa mtindo mwingine, tutafika hapo.

Kuna mtu ataniuliza, je kama nataka mwenzangu abonyeze tu bila kukopi? Sawa, tengeneza linki ndefu yenye namba ndani yake:

```
https://maps.google.com/?q=-0.20140,31.83870
```

Hii ni herufi 44, inaingia vizuri kwenye esemesi, na uzuri wake hata ikikataa kufunguka kwa sababu ya data, namba si zinaonekana? Mtu anazisoma, anazitoa, anazipeleka kwenye apu nyingine. Hiyo ndiyo tofauti yake na ile fupi. Iko pia ile ya geo, ambayo iliwekwa rasmi mwaka 2010 ili isiwe ya kampuni yoyote, inaandikwa `geo:-0.20140,31.83870`, na Android ikiipata inakuuliza ufungue kwa apu gani. Kwa wazo ndiyo nzuri kuliko zote. Lakini ndani ya esemesi apu nyingi za meseji haziigeuzi kuwa kitu cha kubonyeza, na iPhone kwa kawaida haiijui, kwa hivyo mimi siwashauri muitegemee barabarani. Namba tupu kwanza, linki ndefu kama unataka, basi.

Sasa, namba zenyewe. Uganda yetu imekaa juu ya ikweta na hilo linaleta shida ambayo mtu wa Nairobi hakutani nayo wala wa Dar. Wote mnapajua Kayabwe, pale kwenye lile duara la ikweta njia ya Masaka, watalii wanapiga picha. Kaskazini ya mstari ule namba ya kwanza haina alama yoyote, Malaba, Tororo, Jinja, Kampala, Gulu, Elegu. Ukivuka tu Kayabwe kwenda kusini, Lukaya, Masaka, Mutukula, Mbarara, Kabale, Katuna, Bunagana, namba ya kwanza lazima iwe na kialama cha kutoa mbele yake. Na wanaokwenda Mpondwe mnavuka ikweta tena kule karibu na Kikorongo, mkitokea Mbarara kwenda Kasese namba inabadilika njiani.

Ukisahau kale kastari kadogo je? Tuchukue ule mfano wetu. Gari liko -0.20140, kusini. Ukiandika 0.20140 bila kialama, ramani haitakwambia umekosea, inakubali vizuri kabisa, inakupeleka kaskazini ya ikweta huko Gomba, kilomita kama 45 kutoka lilipo gari, tena si hata kwenye barabara kuu. Brekidauni inafika inakuta mashamba ya kahawa. Na mnajua brekidauni ikishafika pahali, hata kama si penyewe, bili inaanza kuhesabu.

Nani anasababisha kialama kipotee? Mara nyingi si kusahau. Mara nyingi ni kukopi, mtu anashika kidole kwenye namba na simu inachagua namba tu inaacha kialama nje. Au mtu anamsomea mwenzake kwa simu, anasema "sifuri nukta mbili sifuri", hasemi "toa". Au kibodi inageuza kialama kuwa ule mstari mrefu wa vitabuni na apu hautambui. Kwa hivyo mimi nina sheria yangu na naiomba iwe sheria yetu sote, kwenye meseji ya maelezo andika pia kwa maneno, kusini ya ikweta au kaskazini ya ikweta. Maneno yakigombana na namba, mpokeaji anajua kuna kitu hakiko sawa kabla hajawasha gari.

Jambo jingine, mpangilio. Ya ikweta kwanza, ya mashariki pili. Ukigeuza, ukaandika 31.83870,-0.20140, gari lako liko jangwani Algeria. Hili ni rahisi kulishika kwa sababu nchi yetu ina mipaka yake. Ndani ya Uganda namba ya kwanza haipiti 4 na kidogo kwa juu, na kwa kusini haipiti 1 na nusu. Ya pili iko kati ya 29 na nusu na 35 na kidogo. Basi. Ukiona namba ya kwanza inaanza na 31 au 32, imegeuzwa, igeuze tena mwenyewe. Hata kama hujui chochote kuhusu ramani hiyo utaiona.

Halafu ile ya digrii, dakika na sekunde, ya wenye iPhone. Mahali pale pale pa mfano wetu, Compass itaandika hivi:

```
0°12'5"S 31°50'19"E
```

Ni sahihi kabisa, ni mahali pale pale. Lakini mtu akiisoma haraka anaandika -0.1205 na 31.5019, na hapo amekosea kwa kilomita kama 38. Kwa nini? Kwa sababu zile ni dakika, digrii moja ina dakika 60, siyo 100. Hesabu yake ni hii, dakika gawa kwa 60, sekunde gawa kwa 3600, jumlisha. 12 gawa kwa 60 ni 0.2. 5 gawa kwa 3600 ni 0.00139. Jumla 0.20139, na kwa sababu kuna S mwishoni unaweka kialama cha kutoa. Upande wa pili, 50 gawa kwa 60 ni 0.83333, 19 gawa kwa 3600 ni 0.00528, jumla na ile 31 inakuwa 31.83861. Mnaona imerudi pale pale karibu na namba zetu za mwanzo? Kikokotoo cha simu kinatosha. Ila mtu aliyeharibikiwa usiku kwenye mvua hana akili ya kugawa kwa 3600, kwa hivyo wenye iPhone nawaomba muweke Google Maps au Organic Maps mapema muwe mnatoa namba zenye nukta moja kwa moja.

Na kuna siri nyingine kwenye ile alama ya digrii, kale kaduara kadogo. Hako kaduara hakamo kwenye herufi za kawaida za esemesi. Ukikaweka, simu inabadilisha meseji nzima iandikwe kwa mtindo mwingine, na badala ya herufi 160 unapata 70 tu. Zikizidi 70 meseji inakatwa vipande, na netiwaki ikiwa mbaya kipande kimoja kinafika kingine kinachelewa, na simu nyingi hazikuonyeshi kitu mpaka vipande vyote vifike. Emoji ni hivyo hivyo. Kile kidole gumba unachoweka mwishoni kinakula nafasi 90. Kwenye meseji ya kuomba msaada andika herufi za kawaida na namba, basi.

Ndugu zetu wanaotoka Congo, mnaoingilia Bunagana na Mpondwe, karibuni sana, na nyinyi nina neno lenu. Simu ikiwa kwa Kifaransa mara nyingine inaandika koma pahali pa nukta, -0,20140 na 31,83870. Sasa kuna koma tatu kwenye mstari mmoja, na apu ya mwenzako haijui ipi inatenganisha nini. Kabla ya kutuma badilisheni zile za ndani ziwe nukta, ibaki koma moja tu katikati.

Tarakimu ngapi baada ya nukta? Hapa kwetu kwenye ikweta ni rahisi, digrii moja ni kama kilomita 111 pande zote mbili. Tarakimu nne zinakuweka ndani ya mita kama 11, tano ndani ya mita moja hivi. Nne zinatosha kuona lori. Mbili hazitoshi, hizo ni kilomita nzima. Zile zinazotoka 14 baada ya nukta usihangaike nazo, GPS ya simu yenyewe haina uhakika huo.

Tumebakiza kutuma. Na hapa nawaambia kitu ambacho kimeanza miaka ya karibuni, kimewachanganya hata watu wajanja. Unafungua apu ya meseji, unaandika, unatuma, unaamini umetuma esemesi. Je umetuma esemesi? Angalia kisanduku cha kuandikia. Kama kimeandika `RCS message`, hiyo inapitia data, ni sawa na WhatsApp tu, na kama data haipo inakaa hapo inasema inatuma, inatuma. iPhone kwa iPhone ni hivyo hivyo, ile ya bluu ni data, ya kijani ndiyo esemesi. Kwenye Android ingia setingi za meseji uzime `RCS chats` unapokwenda njia zenye netiwaki mbovu. Kwenye iPhone shika ile meseji iliyokwama uchague `Send as Text Message`.

Kwa nini nasisitiza esemesi? Kwa sababu esemesi haisubiri data. Inapita kwenye ile njia simu na mnara wanayoitumia kusalimiana, ni kitu kidogo sana, ukipata netiwaki sekunde chache tu juu ya kilima inaondoka. Na ikishaondoka, hata kama simu ya makanika imezimwa, inahifadhiwa kwenye kituo cha meseji mpaka simu yake iwake. Simu ya sauti inataka wote wawili muwe hewani wakati mmoja. Esemesi haitaki hivyo. Washeni ile ripoti ya kufika, `Delivery reports`, mjue imefika au iko njiani. Na namba za mafundi wenu zihifadhini zikianza na +256, kwa sababu hapa Malaba simu inaruka kwenye minara ya Kenya bila kukuuliza, na wenye laini za Kenya wakiandika 07 tu wakiwa Uganda meseji inamwendea mtu mwingine kabisa.

Tumeni meseji mbili, siyo moja. Ya kwanza namba tupu, bila hata salamu, kwa sababu simu nyingi ukishika meseji inakopi meseji yote, na kama kuna "habari ya saa hii mkubwa" ndani yake, ukipesti kwenye ramani inatafuta salamu. Ya pili ndiyo maelezo:

```
Lori nyeupe, trela ya kontena, tumesimama kushoto ukitoka Lukaya kwenda Masaka. Kusini ya ikweta. Saa 8:40 usiku. Propela imekatika.
```

Mnaona nilichoweka? Upande wa barabara, kwa sababu GPS inaweza kukosea mita kadhaa na kukuweka ng'ambo ya lami. Ikweta. Saa, kwa sababu meseji inaweza kufika saa mbili baadaye na mpokeaji ajue ni ya lini, na kama umesogezwa utume nyingine. Na tatizo la gari, ili makanika abebe spana na spea zinazohusika asije mikono mitupu.

Baada ya hapo kulikuwa na maswali na moja nalijibu hapa kwa sababu liliulizwa na taniboi mmoja kijana na wengi waliitikia. Aliuliza, bosi wangu anatumia katochi, hana ramani, nikimtumia namba atafanya nini nazo?

Nilimjibu hivi. Katochi haifungui ramani lakini inafowadi. Mwambie mapema kwamba ukimtumia namba mbili zenye koma asijaribu kuzisoma kwa sauti wala kuziandika upya, asizifute, afowadi vile vile zilivyo kwa makanika. Esemesi ya namba ikipita kwenye katochi tatu bado ni namba zile zile. Halafu akishafowadi ampigie makanika amuulize kitu kimoja tu, ramani inakuonyesha ni upande gani wa Kayabwe? Akijibu tofauti na ulivyoandika kwenye ile meseji ya pili, asimruhusu aondoke mpaka kale kastari kapatikane.